Udongo wa Aina Nne Katika Shamba Moja

Mfano wa mpanzi umo katika Injili tatu: Mathayo 13, Marko 4 na Luka 8. Wengi wetu tumeusikia mara nyingi mno, na kila ukisomwa tunagawana nafasi haraka. Jirani asiyekanyaga kanisani tunamweka njiani. Yule aliyeokoka kwa kishindo kisha akapoa tunampa mwamba, na tajiri wa mtaani tunampa miiba. Sisi tulioketi tukisikiliza tunabaki na udongo mzuri. Ukisomwa hivyo, mfano huu unakuwa orodha ya watu, na orodha ya watu haimsaidii anayeisoma kubadilika. Ninaloshikilia hapa ni kwamba udongo huu wa aina nne ni hali nne za shamba moja, kwamba kila hali huliua neno kwa wakati wake na kwa njia yake, na kwamba kila moja ina tiba yake. Msikilizaji anayetaka kupata faida ajiulize neno linamfia hatua gani, kwa sababu dawa ya mwamba haifai kwa miiba.

Tuanze na shamba lenyewe, maana wengi wetu tunaliwaza kama shamba la mahindi. Mahindi tunayapanda kwa vishimo, punje mbili au tatu kila shimo, na mkulima anayedondosha mbegu njiani tungemwona mzembe. Mkulima wa Galilaya alipanda ngano au shayiri kwa kuirusha kwa mkono, kama wanavyofanya hadi leo wanaomwaga ulezi au mpunga. Alipanda mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, kwenye Oktoba na Novemba, akavuna shayiri kuanzia Aprili na ngano baadaye kidogo. Njia aliyoipitia ilikata pembeni mwa shamba au katikati yake. Mwamba aliousema Yesu si mawe yaliyotapakaa juu. Ni bamba la jiwe lililolala chini ya udongo mwembamba, ambalo jicho halilioni. Miiba nayo, siku ya kupanda, ilikuwa mizizi na mbegu zilizojificha ardhini. Kwa hiyo mpanzi huyu hakuwa mpumbavu aliyechagua mahali pabaya. Alirusha mbegu ile ile, siku ile ile, katika shamba lake mwenyewe, na ardhi hiyo moja ikajidhihirisha kidogo kidogo kadiri msimu ulivyokwenda.

Angalia sasa jinsi msimu unavyopangwa. Mbegu ya njiani inapotea siku ile ile. Ya kwenye mwamba inaota, kisha inakufa jua likipanda. Ya kwenye miiba inakua hadi karibu na mavuno, lakini haizai. Ya udongo mzuri inafika mwisho. Hasara zile tatu zimepangwa kama vituo vya safari moja, kila kimoja mbele kidogo kuliko kilichotangulia. Mtu aliyevuka kituo cha kwanza hajamaliza hatari, na aliyevuka cha pili bado ana cha tatu. Hapa ndipo mgawanyo wa watu unapoanza kuvunjika: mtu mmoja anaweza kupita vituo vyote katika maisha yake, na hata katika wiki moja anaweza kuwa njia kwa neno moja na udongo mzuri kwa neno jingine. Anayelipokea kwa furaha neno la msamaha wa dhambi zake anaweza kuwa njia ngumu kabisa kwa neno la kumsamehe ndugu yake.

Tuchukue njia kwanza. Luka anaongeza kwamba mbegu ile ilikanyagwa, naye Mathayo anaeleza kwamba msikilizaji huyu hakuelewa. Ardhi ya njia haina ubaya wa asili. Ni udongo ule ule wa shamba uliogandamizwa na nyayo, na moyo nao hugandamizwa na mazoea. Aliyesikia mahubiri elfu bila kubadili jambo lolote amejifunza, pasipo kukusudia, kwamba mahubiri hayadai kitu. Hatari ya hatua hii ni kasi yake. Kitabu cha Yubile, maandishi ya Kiyahudi yaliyotangulia kuzaliwa kwa Kristo, kinasimulia katika sura ya 11 kunguru waliokuwa wakila mbegu kabla wakulima hawajazifukia, na jinsi Abramu alivyowafundisha watu kutengeneza jembe la kukokotwa linaloingiza mbegu moja kwa moja ardhini. Wasikilizaji wa Yesu walizijua mbio hizo kati ya ndege na jembe. Mbegu iliyofukiwa ilikuwa salama. Iliyobaki juu ililiwa.

Tiba ya njia, basi, ni kulifukia neno kabla ndege hajafika, na Injili yenyewe inaonyesha namna ya kulifukia. Marko 4:10 inasema kwamba Yesu alipobaki faragha, wale waliokuwa pamoja naye walimuuliza maana ya mifano. Hawakuelewa zaidi ya umati. Walichozidi ni kubaki na kuuliza. Kwa msikilizaji wa leo jambo hili ni dogo na linawezekana. Kabla hujatoka nje ya kanisa, kabla hujawasha simu, sema moyoni kwa sentensi moja neno lililosomwa linataka nini kwako. Ukishindwa kuitunga sentensi hiyo, hujaelewa, na hiyo ndiyo dalili ya njia. Mtafute aliyefundisha, au mwenzako mmoja, umuulize siku hiyo hiyo. Kinachokuokoa hapa ni kuwahi. Swali linaloahirishwa hadi Jumatano huwa halina tena cha kuuliziwa.

Mwamba ni mgumu zaidi kutambua, kwa sababu mwanzoni unaonekana kuwa sehemu bora ya shamba. Udongo mwembamba juu ya jiwe hupata joto upesi, na mbegu isiyo na nafasi ya kwenda chini hukimbilia juu. Mtu akilitembelea shamba wiki ya kwanza, pale penye mwamba ndipo panapoonekana kuwa na kijani. Mathayo na Marko wanasema msikilizaji huyu hulipokea neno mara moja, kwa furaha. Furaha hiyo ni ya kweli, wala mfano hauilaumu. Unachosema ni kwamba furaha haipimi kina. Jua nalo halipaswi kulaumiwa, kwa sababu jua linalounguza mche wa mwambani ndilo linaloivisha ngano ya udongo mzuri. Dhiki haikuleta udhaifu, iliuonyesha tu.

Marko anatupa mtu mmoja wa kuangalia kwa karibu, naye ni Petro. Jina lake na neno la Kiyunani alilotumia Marko kwa mahali penye mwamba vinatoka katika shina moja. Katika Marko 8 Yesu anaanza kusema waziwazi juu ya mateso yake, na Petro anamkemea. Papo hapo Yesu anamtaja Shetani, yule yule ambaye katika ufafanuzi wa mfano hulinyakua neno lililoanguka njiani. Kwa neno lile moja la msalaba, Petro alikuwa njia. Katika Marko 14 anaahidi kwamba hata wengine wote wakianguka, yeye hataanguka. Kitenzi cha Kiyunani anachokitumia katika ahadi hiyo ndicho kilichotumika katika 4:17 kwa wale wa mwambani wanaojikwaa dhiki inapokuja. Saa chache baadaye, akiota moto uani, anaulizwa na kijakazi, na mche unanyauka. Kama udongo ungekuwa cheo ambacho mtu huzaliwa nacho, habari za Petro zingeishia hapo. Lakini jogoo alipowika Petro alilikumbuka neno aliloambiwa, akalia. Lile neno lilikuwa bado ndani yake, na jiwe lilipopasuka likapata pa kupenya. Katika Matendo 5 tunamkuta akitoka barazani pamoja na mitume wenzake, wamechapwa viboko, nao wanafurahi. Furaha iliyokuwa imetangulia dhiki na kufa ndani yake, sasa inatoka katikati ya dhiki. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni udongo wake.

Kwa hiyo anayejitambua kuwa ana mwamba asijilazimishe kufurahi zaidi, maana joto la juu analo tayari. Anahitaji kuchimba chini, na jiwe hupatikana pale jembe linapogota. Tafuta neno la Kristo unalolikwepa: la kurudisha ulichodhulumu, la kusema kweli mbele ya bosi, la kumwendea uliyekosana naye. Kaa na neno hilo moja badala ya kuruka kwenda kwenye lingine linalosisimua. Litii kwanza katika jambo dogo, mahali pasipo na mtu wa kukusifu, kwa sababu mzizi hukua gizani. Na kabla ya kutoa ushuhuda au kuahidi mbele ya watu, jiulize utii huo utakugharimu nini na kama uko tayari kulipa. Wachungaji nao wafikirie jambo hili wanapohesabu mikono iliyoinuliwa siku ya mkutano wa injili. Hesabu hiyo inachukuliwa kabla jua halijapanda, na haiwezi kutofautisha mwamba na udongo mzuri.

Kituo cha tatu ndicho ninachodhani kinawahusu wengi zaidi kati ya wanaosoma makala kama hii. Injili hazisemi kwamba mche wa kwenye miiba ulikufa mara moja, wala kwamba msikilizaji wake aliikana imani. Marko anasema haukuzaa. Luka anasema watu hawa husongwa wanapoendelea na safari yao, na matunda yao hayafikii kuiva. Huyu ni mtu ambaye bado yumo. Bado anatoa zaka, bado anaimba kwaya, bado jani lake ni bichi. Ni lile suke ambalo halina punje. Na visongaji vyake si maovu ya aibu. Ni masumbufu ya maisha, udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine. Luka anataja pia anasa. Masumbufu yanatajwa kwanza, na jambo hilo linazuia tafsiri inayompa tajiri miiba yote. Ada ya shule, kodi ya nyumba na dawa za mzazi mgonjwa vinaweza kulisonga neno kwa maskini kama hundi inavyolisonga kwa mwenye nacho.

Hapa mtu atauliza kwa haki: je, mzazi asihangaikie ada? Mfano hausemi hivyo. Gugu halilishambulii ganda la ngano. Linachukua maji na mwanga kabla ngano haijavipata. Kipimo, basi, si kama una wasiwasi, bali ni nani anayekula kwanza. Kama sala huombwa kwa dakika zilizobaki baada ya hesabu za duka, na haki hutendwa kwa kiasi ambacho biashara haitaumia, gugu limeshatangulia. Fanya kama mkulima: chagua gugu moja kwa jina lake. Kusema kwamba unasongwa na dunia ni kufyeka juu, na miiba iliyofyekwa huchipua tena. Kusema kwamba mkopo huu, kikao hiki, au ushindani huu na shemeji yako ndio unaokula saa zako na huruma yako, ni kushika shina karibu na mzizi. Kisha kitu fulani kipungue kwa kweli: deni lisiongezwe, siku moja ya juma isiuzwe, mapato fulani yakataliwe. Palizi isiyopunguza kitu shambani haijafanyika.

Udongo wa nne mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni tuzo. Marko anaueleza kwa vitenzi vitatu tu: wanasikia, wanapokea, wanazaa. Katika Kiyunani chake kusikia kwa wale wa kwanza kunasemwa kama tendo la mara moja, lakini katika 4:20 kusikia kunasemwa kama tendo linaloendelea. Mathayo anaongeza kuelewa, na Luka anaongeza uvumilivu. Ukiviweka pamoja, ni kinyume cha magonjwa yale matatu: kuelewa kunaitibu njia, uvumilivu unautibu mwamba, na kuendelea kusikia hadi mavuno kunaishinda miiba. Udongo mzuri ni ule uliolimwa, ukachimbwa, ukapaliliwa. Wala mavuno hayalingani. Thelathini, sitini na mia yote yanahesabiwa kuwa mazao ya udongo mzuri, na mfano haumkemei aliyezaa thelathini.

Hesabu hizo zimetumiwa vibaya, na ni lazima jambo hilo lisemwe. Katika mikutano mingi ya Afrika Mashariki watu huambiwa wapande mbegu, maana yake watoe pesa, ili wavune mara mia. Lakini ufafanuzi wa mfano unasema mbegu ni neno, na mali inapotajwa inatajwa upande wa miiba. Kuugeuza mfano huu kuwa ahadi ya faida ya fedha ni kupanda gugu na kuliita ngano. Mara mia yenyewe ilikuwa lugha ya shamba. Varro, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anataja mazao ya mara kumi na kumi na tano kama kawaida ya sehemu fulani, na anasema kwamba huko Gadara, mji ulio karibu na Ziwa la Galilaya, ilisemekana watu walipata mara mia. Mwanzo 26 inamtaja Isaka akivuna mara mia kwa baraka ya Mungu. Wasikilizaji wa Yesu walielewa, basi, mavuno mema sana ya nafaka ya kulisha watu. Punje haizai kwa ajili yake yenyewe. Anayekula ni mwingine. Ukitaka kujua kama neno limezaa ndani yako, angalia ni nani ameshiba kwa sababu yako.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika mfano wenyewe. Udongo haujilimi. Tena Marko 4:11-12 inasema kwamba siri ya ufalme wamepewa wengine, huku wa nje wakiona wasione, maneno yanayotoka Isaya 6. Je, si kweli kwamba aliye mwamba ameumbwa mwamba, na kwamba ushauri wote huu ni bure? Ni kweli kwamba ufalme hutolewa na haununuliwi kwa jasho. Katika sura hiyo hiyo, 4:26-29, Yesu anasimulia mbegu inayoota na kukua mkulima akiwa amelala, asijue jinsi inavyokua. Lakini mkulima huyo huyo alipanda, naye ndiye anayepeleka mundu. Hakuna mkulima anayeivuta ngano ikue, na hakuna mkulima mwenye akili anayeacha miiba kwa sababu ukuaji ni wa Mungu. Manabii walisema hivyo zamani: Hosea 10:12 na Yeremia 4:3 wanawaamuru watu kuvunja ardhi iliyolala, na Yeremia anaongeza kwamba wasipande kwenye miiba. Amri ya kulima haina maana kwa udongo usioweza kubadilika. Na waliokuwa ndani hawakuwa ndani kwa kuelewa upesi: katika 4:13 Yesu anashangaa kwamba wao pia hawauelewi mfano. Mfano unaanza kwa wito wa kusikiliza na unaishia kwa wito wa kusikia, na wito hutolewa kwa mtu anayeweza kuitika.

Yohane Krisostomo, akiwahubiria watu wa Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, alilikabili swali hili katika hotuba yake ya 44 juu ya Injili ya Mathayo. Alikubali kwamba kwa mkulima wa kawaida kupanda kwenye mwamba si busara, kwa kuwa jiwe haliwezi kuwa udongo. Kwa roho za watu, alisema, inawezekana: mwamba ukageuka ardhi yenye rutuba, njia ikaacha kukanyagwa, miiba ikaondolewa. Kama isingewezekana, mpanzi asingepanda hapo. Agostino naye aliwahimiza wasikilizaji wake wageuke wakati bado wanaweza, wapindue ardhi ngumu, watupe mawe, wang'oe miiba. Kuna wataalamu wa karne ya 20, Joachim Jeremias akiwa mmojawao, walioona kwamba ufafanuzi wa aina nne za udongo ni kazi ya kanisa la kwanza na kwamba mfano wenyewe ulihusu uhakika wa mavuno ya Mungu. Hata tukiwakubalia, mfano unabaki na vituo vyake vinne vya msimu mmoja, na uhakika wa mavuno unamtia moyo anayelima, haumwondolei jembe.

Basi Jumapili ijayo neno likisomwa, acha kumtafutia jirani yako udongo wake. Jiulize kwanza: lile la Jumapili iliyopita lilifia wapi? Kama hulikumbuki kabisa, tatizo ni njia, na tiba ni kuuliza siku ile ile. Kama ulilifurahia hadi lilipokugharimu, tatizo ni mwamba, na tiba ni kuchimba pale pale lilipogota. Kama bado unalikubali lakini hujapata nafasi ya kulitenda, tatizo ni miiba, na kuna gugu moja la kung'oa kabla ya Jumapili nyingine. Mpanzi atapita tena na mbegu ile ile, na shamba analolijia ni lile lile.